Shukrani Isiyogeuka Ombi: Baruapepe ya Baada ya Usaili kati ya Nakivale na Mbarara

Makala haya yanahusu matini fupi sana, ambayo kwa kawaida haizidi maneno mia moja na hamsini: baruapepe ya shukrani ambayo msailiwa humwandikia mwajiri baada ya usaili, au mahojiano ya kazi kama wanavyosema Wakenya. Hoja inayojengwa ni kwamba kwa wazungumzaji wa Kiswahili wanaotoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ugumu wa matini hii hautokani na sarufi bali na rejesta. Msailiwa anakusudia kushukuru, lakini lugha aliyoizoea katika kuziandikia ofisi ni lugha ya maombi. Maombi humwondoa katika nafasi ya mfanyakazi mtarajiwa na kumrudisha katika nafasi ya mhitaji.

Muktadha unaeleweka. Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika, na Kiswahili cha Wakongo husikika humo kila siku. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi ya ujira. Kazi nyingi zinazohitaji Kiswahili, hasa za ukalimani na za uhamasishaji wa jamii, hutolewa na mashirika yaleyale yanayogawa misaada. Hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Mtu aliyeandikia ofisi kuhusu mgao wa chakula, matibabu au kuhamishiwa nchi ya tatu, sasa anaiandikia ofisi ya aina ileile kuhusu ajira, na kalamu inakwenda yenyewe kwenye njia iliyoizoea.

Dalili zake ni rahisi kutambua. Kitenzi kikuu kinakuwa *naomba*. Familia inatajwa: watoto watano, mama mgonjwa. Msomaji anapandishwa cheo na kuitwa baba au mama. Barua inamalizika kwa kumwachia yeye na Mungu uamuzi. Ikumbukwe kwamba dua yenyewe si kosa. Kwa Mkongo, kumtakia mtu baraka mwishoni mwa barua ni adabu ya kawaida, na mwajiri anayeidharau hajui anazungumza na nani. Kasoro hutokea pale dua na shida zinapochukua nafasi ya jambo lenyewe, hata barua nzima ikakosa sentensi moja inayoihusu kazi.

Wanaoepuka kosa hilo mara nyingi huangukia jingine, nalo ni kurudia usaili. Huandika tena shahada, miaka ya uzoefu na majibu waliyoyatoa, kana kwamba jopo halikusikia. Kishazi *kama nilivyosema* ndicho kitambulisho cha kosa hili. Vitabu vya insha vimechangia, kwa kuwa hufundisha barua ya kuomba kazi, na mwandishi asiye na kielelezo kingine huitumia hiyohiyo mara ya pili. Kipimo chepesi ni kuisoma rasimu na kufuta kila sentensi ambayo mjumbe wa jopo tayari anayo katika daftari lake. Ikiwa kinachobaki ni asante pekee, barua bado haijaandikwa.

Kinachotakiwa kubaki ni jambo moja jipya lililoanzia kwenye kauli ya jopo lenyewe. Chukulia mfano uliotungwa kwa ajili ya makala haya. Mwanamke kutoka Kivu Kusini, mkazi wa Nakivale, anasailiwa katika ofisi moja huko Ruti, Mbarara, kwa nafasi ya mkalimani wa zahanati. Aliulizwa angefanya nini neno moja likibeba maana mbili, naye akajibu kwa mfano wa *munganga*, ambaye kwa Wakongo ni daktari wa hospitali, wakati kwa Mkenya *mganga* huleta kwanza picha ya tabibu wa jadi. (Tanzania, yenye Mganga Mkuu wa Serikali, iko upande wa Wakongo.) Jibu lilikuwa zuri, na kwa sababu hiyo halifai kurudiwa. Lakini kabla ya kuagana, mjumbe mmoja alilalamika kwamba wagonjwa hukosea siku ya kurudi zahanati. Hakuna aliyemuuliza msailiwa juu ya hilo. Usiku huohuo anaandika:

> Mada: Usaili wa mkalimani wa zahanati, Jumanne
>
> Waheshimiwa wajumbe wa jopo,
>
> Nawashukuru kwa mazungumzo ya leo, hasa kwa kunieleza jinsi siku ya kliniki inavyokwenda.
>
> Mlitaja kwamba baadhi ya wagonjwa hurudi siku isiyo yao. Huenda sababu mojawapo ni majina ya siku. Kwetu Kongo, wengi huita Jumatatu *siku ya kwanza*, na *siku ya tatu* ni Jumatano. Mgonjwa akiambiwa *Jumatatu*, anaweza kusikia *tatu* akaja siku mbili baadaye. Katika matangazo ya kanisa letu mimi huandika tarehe kwanza, kisha majina yote mawili. Nimeambatisha mfano wa mistari mitatu unaoweza kujaribiwa kwenye kadi.
>
> Mazungumzo yetu yameniongezea hamu ya kazi hii. Nipo tayari kujibu swali lolote litakalobaki.
>
> Kwa heshima,

Barua hii haidai popote kwamba mwandishi anafaa. Kufaa kwake kunaonekana katika kazi anayoifanya mbele ya msomaji: amesikiliza, ametambua chanzo cha kiisimu cha tatizo la kiutawala, na amependekeza suluhisho dogo linaloweza kupimwa. Neno *huenda* lina uzito wake, kwa sababu msailiwa hajaiona zahanati ikifanya kazi na kudai uhakika kungekuwa ujuaji. *Mlitaja* inafanya kazi kinyume cha *nilisema*, kwa kuwa inaanzia kwa jopo. Neno *naomba* halimo, na adabu haijapungua. Imebebwa na anwani, na shukrani inayotaja kitu mahususi, na *nipo tayari*, ambayo ni kauli ya mtu mwenye kitu cha kutoa.

Kuna mipaka ambayo msailiwa anapaswa kuijua. Jopo linalojaza fomu za alama huzijumlisha siku hiyohiyo, na baruapepe haiwezi kuzibadilisha, wala haipaswi. Inaweza kusaidia pale wawili wanapolingana, au aliyeteuliwa anapokataa na jopo likarudi kwenye orodha. Aidha, matangazo mengi ya kazi nchini Uganda huonya kwamba anayefanya ushawishi ataondolewa. Tofauti kati ya shukrani na ushawishi huonekana katika njia na katika maudhui. Shukrani hutumwa mara moja tu, kwa anwani iliyotoa mwaliko, na haiulizi matokeo. Ujumbe uliotumwa kwenye simu ya mjumbe mmoja, hata ukiwa na maneno yaleyale, unaweza kusomwa kama kutafuta upendeleo. Pale tangazo linapokataza mawasiliano yoyote baada ya usaili, barua isiandikwe.

Lugha ya barua hufuata lugha ya mwaliko. Mwaliko ukiwa wa Kiingereza, kama ilivyo kwa nafasi nyingi Mbarara, jibu huandikwa kwa Kiingereza, hata kama kazi yenyewe ni ya Kiswahili. Hapa washauri wa sera wana jambo la kutazama. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda kikatiba tangu 2005, lakini msailiwa wa ukalimani huweza kuajiriwa bila jopo kuona hata aya moja aliyoiandika kwa Kiswahili. Shirika linaloweza kutangaza nafasi hizo kwa lugha zote mbili, na kusema wazi katika tangazo kama linapokea barua baada ya usaili na kwa anwani ipi, lingepata sampuli ya maandishi ya kila msailiwa bila gharama ya mtihani mwingine.