Mwombe Mtazamaji Hatua Moja Tu

Maneno haya umeyasikia mara nyingi mwishoni mwa video: "Usisahau kulaiki, kukomenti, kushea, kujisajili kwenye chaneli yetu na kubonyeza kengele. Pia tufuate Instagramu na TikTok, na kwa mahitaji yote wasiliana nasi kwa namba zilizo hapo chini. Karibuni sana." Msemaji ameomba mambo manane kwa pumzi moja. Mtazamaji, simu ikiwa mkononi na gari likimsubiri, hafanyi hata moja. Amepewa kazi ya kuchagua, na kuchagua ni kazi nzito kuliko kuondoka.

Wito wa video, yaani yale maneno yanayomwomba mtazamaji afanye jambo, hufanya kazi pale unapoomba hatua moja. Tumchukue fundi cherehani wa Morogoro anayeshona magauni ya kitenge. Ana video ya dakika sita YouTube inayofundisha namna ya kujipima nyumbani: kifua, kiuno, nyonga na urefu. Video ni nzuri na watu wanaiangalia, lakini oda haziji. Tuuone wito wake na tuutengeneze.

Kabla ya kugusa maneno, fundi ajiulize: mtu aliyeangalia video hii afanye nini ili mimi nipate oda? Kumfuata Instagramu hakushoni gauni. Kufika dukani kunafaa, lakini mtazamaji aliye Singida hawezi. Kulipia oda papo hapo ni hatua kubwa mno kwa mtu asiyemjua fundi. Hatua inayofaa ni ile ndogo kabisa inayoanzisha mazungumzo, yaani mtazamaji atume ujumbe mmoja wa WhatsApp. Hayo mengine, kitambaa, bei na usafiri, yatazungumzwa humo humo.

Sasa maneno. Fundi alizoea kusema, "Kama utapenda unaweza kuwasiliana nasi, karibuni sana." Hayo ni maneno ya ukarimu, lakini hayana kazi ndani yake. Hayasemi nini kifanyike, wapi, wala mtu atapata nini akikifanya. Wito mzuri hubeba hayo matatu kwa sentensi mbili fupi: "Tuma neno VIPIMO kwa WhatsApp yangu. Nitakutumia fomu ya kujaza vipimo vyako na bei ya kushona." Kitenzi kimetangulia, kinazungumza na mtu mmoja, na ahadi ni ya kitu anachokihitaji wakati huo. Mtu anaweza kuona kwamba kusema "tuma" ni kukosa adabu. Sivyo. Tangulia na "naomba" au "tafadhali" ukipenda, heshima haiharibu wito. Kinachouharibu ni "kama utapenda unaweza", kwa sababu huo mlango umefunguliwa nusu.

Neno VIPIMO lina kazi nyingine. Asiyejua aanzeje kumwandikia mtu asiyemfahamu amepunguziwa mzigo, maana maneno ya kwanza amepewa. Naye fundi anaweza kuhesabu: kila ujumbe unaoanza na neno hilo umetoka kwenye video hii. Na hata kuandika hilo neno kunaweza kuondolewa, kwa kiungo cha namna hii:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=VIPIMO
```

Akikigusa, WhatsApp inafunguka na neno limekwisha kuandikwa, anabakiza kubonyeza kitufe cha kutuma. Namba iandikwe na 255 mwanzoni, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mbele. Ukiandika 07 hapo, kiungo hakitafika kwako. Kijaribu mwenyewe kwa simu nyingine kabla ya kupandisha video.

Kiungo kikae wapi? Kwenye simu, maelezo ya video hujificha mpaka mtu aguse kichwa cha video. Kwa hiyo fundi akiweke mstari wa kwanza kabisa wa maelezo, kisha aseme kwa mdomo, "Gusa kichwa cha video hii, kiungo ni cha kwanza." Akitengeneza video fupi za Shorts, hali hubadilika. Tangu Agosti 2023 viungo vilivyo kwenye maelezo na maoni ya Shorts havifunguki. Kusema "gusa kiungo hapo chini" huko ni kumtuma mtu mahali pasipo na njia. Kwenye video fupi, hatua iwe ile inayowezekana palepale: "Andika VIPIMO kwenye maoni."

Jambo la tatu ni wakati wa kusema wito, na hapa ndipo wengi hupoteza watu. Fundi wetu aliuweka mwisho kabisa, baada ya "basi, kwa leo tuishie hapo, asanteni." Mtazamaji akisikia buriani, kidole kinakwenda kwenye video nyingine. Kuuweka mwanzoni nako hakufai kwa mgeni, maana anaombwa kabla hajapewa kitu. Mahali pake ni pale mtazamaji anapopata alichokifuata. Katika video hii, ni karibu na dakika ya tano, mteja anapogeuka akiwa amevaa gauni lililomkaa sawasawa. Fundi aseme wito hapo, gauni likiwa bado linaonekana, na maneno hayohayo yaandikwe kwenye skrini kwa sekunde kumi hivi. Kisha aage. Akiurudia wito ule ule kwa maneno yale yale mwishoni, hakuna ubaya, kwa kuwa bado ni hatua moja.

YouTube huruhusu skrini ya kufungia ya sekunde 5 hadi 20, yenye vitu hadi vinne: video nyingine, kitufe cha kujisajili na kadhalika. Kishawishi ni kuijaza. Lakini fundi akishaomba ujumbe wa WhatsApp, kila picha ya video nyingine ni njia ya kumtoa mtazamaji kwenye hatua hiyo. Aiache tupu. Anayetaka watu waangalie sehemu ya pili ya somo, basi aweke video hiyo peke yake na huo ndio uwe wito wake.

Utajuaje kama wito unafanya kazi? Fungua takwimu za video ndani ya YouTube Studio, utazame mstari unaoonyesha watu waliobaki kila dakika. Kama mstari umeshaporomoka kabla ya sekunde ya wito, tatizo ni mahali; usogeze mbele. Kama watu walikuwapo lakini jumbe za VIPIMO ni chache, tatizo ni maneno au ukubwa wa hatua. Kama jumbe ni nyingi ila oda hazipo, wito umefanya kazi yake. Angalia bei, kasi ya kujibu, na kama ulichotuma ndicho ulichoahidi. Ukiahidi fomu na bei, kisha ukajibu "nipigie," umeongeza hatua ya pili kwa mlango wa nyuma. Badilisha kitu kimoja kwa kila video, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Wito hauwezi kuokoa video isiyofundisha kitu. Ila video nzuri nyingi zinakufa bila matunda kwa sababu ya sentensi zake za mwisho. Chukua video yako inayofuata, andika yote unayotaka kumwomba mtazamaji, kisha ufute mpaka libaki moja. Hilo ndilo umwombe.