Saa ya Ajali: Mstari wa Kwanza katika Fomu ya Makabidhiano

Barabara ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ina urefu wa kilometa 66. Huacha vilima vya Umatengo na mashamba yake ya kahawa, kisha hushuka kwa kona nyingi hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa. Majeruhi wa ajali kwenye mteremko huo anaweza kuwa mbali na hospitali. Gari la wagonjwa litamfuata, litamchukua na kupanda naye mlima, na muda utakuwa unapita. Atakapofika idara ya dharura, daktari ataona mwili ulivyo wakati huo tu. Yaliyotokea kabla ya hapo atayapata katika karatasi moja, nayo ni fomu ya makabidhiano inayojazwa na wahudumu wa gari.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana wa miaka 27, dereva wa bodaboda, amegongana na lori kwenye kona. Paja lake la kulia limevunjika bila jeraha la wazi, naye analalamika maumivu ya tumbo upande wa kushoto, chini ya mbavu. Shahidi aliyepiga simu anasema ajali ilitokea saa nane na dakika ishirini mchana. Gari la wagonjwa linamfikia dakika hamsini baadaye, na linaingia hospitalini Mbinga saa kumi na dakika ishirini na tano.

Mstari wa kwanza wa fomu unataka saa ya ajali, na hapo ndipo lugha yetu inapoweka mtego. Mhudumu akiandika "8:20" kama alivyosikia, muuguzi wa zamu aliyezoea saa ya kompyuta anaweza kuisoma kuwa ni asubuhi. Ajali ya saa mbili iliyopita itaonekana kuwa ya saa nane zilizopita. Kosa hutokea pia kwa upande wa pili: ajali ya saa nne asubuhi ikiandikwa "4:00", msomaji wa jioni anaweza kudhani ni saa kumi, na majeruhi wa muda mrefu akahesabiwa kuwa ameumia sasa hivi. Njia salama ni kuandika kwa mfumo wa saa 24: 14:20. Shahidi akisitasita, mhudumu amwombe atazame kwenye simu yake ni wakati gani alipiga kuomba msaada. Simu hutunza dakika kuliko kumbukumbu ya mtu aliyeshtuka.

Dakika hizo zina uzito kwa sababu ipo tiba inayohesabiwa kwazo. Asidi ya traneksamiki ni dawa inayozuia donge la damu lisiyeyuke mapema, hivyo husaidia kupunguza kuvuja kwa damu. Utafiti uitwao CRASH-2, uliochapishwa mwaka 2010 baada ya kuhusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza vifo. Uchambuzi wa mwaka 2011 uliongeza sharti: faida ni kubwa zaidi ikitolewa ndani ya saa moja tangu kuumia, bado ipo hadi saa tatu, lakini baada ya hapo vifo vitokanavyo na kuvuja damu viliongezeka badala ya kupungua. Kwa mtu mzima, gramu moja hutolewa kwenye mshipa kwa dakika kumi, kisha gramu nyingine kwa saa nane.

Kijana wetu ameingia saa 16:25, yaani saa mbili na dakika tano tangu ajali. Zimebaki dakika 55. Saa ikiandikwa vizuri, daktari ana haki ya kuanza dawa mara moja. Ikisomwa kuwa ni asubuhi, atanyimwa dawa inayomfaa. Na yule wa saa nne asubuhi, akidhaniwa kuwa wa saa kumi, atapewa dawa ambayo wakati wake umekwisha na inayoweza kumdhuru.

Jambo la pili ambalo fomu hubeba ni mwenendo wa vipimo. Saa 15:12 wahudumu walipima mapigo ya moyo 112 kwa dakika na shinikizo la damu 118 kwa 78. Saa 15:40 mapigo yalikuwa 128 na shinikizo 98 kwa 64. Kijana alikuwa macho, lakini ameanza kuhangaika. Saa 15:45 walianza dripu ya mililita 500. Saa 16:10 mapigo yalikuwa 116 na shinikizo 108 kwa 70.

Muuguzi anayepima mlangoni anapata mapigo 114 na shinikizo 110 kwa 70. Namba hizo zikitazamwa peke yake, hazimtishi mtu. Mwili wa kijana hubana mishipa na kuongeza kasi ya moyo, hivyo shinikizo linaweza kubaki karibu na kawaida hata baada ya kupoteza damu nyingi. Safu ya vipimo inasimulia habari nyingine: shinikizo lilianguka, likainuliwa na maji ya dripu, na maji hayo hayajaziba chochote. Paja lililovunjika linaweza kuficha lita moja ya damu au zaidi, na maumivu chini ya mbavu za kushoto yanaleta shaka ya bandama iliyopasuka. Daktari aliyesoma safu nzima ataagiza damu na kupima tumbo kwa altrasaundi bila kungoja shinikizo lianguke tena. Aliyeona kipimo cha mwisho tu anaweza kumweka kijana kwenye foleni ya eksirei ya mguu.

Ndiyo maana kila kipimo kiandikwe pamoja na saa yake, na kila tiba iandikwe saa ilipoanza. Mguu ulipofungwa banzi, iandikwe kama mapigo ya mshipa wa mguuni yalisikika kabla na baada ya kufunga. Nafasi isiachwe wazi. Nafasi tupu penye dawa ya maumivu inaweza kumaanisha kwamba hakupewa, au kwamba alipewa na mhudumu akasahau kuandika; anayemwongeza dozi ya pili anahitaji kujua ni lipi. Neno "hakupewa" au "haikupimwa" linamaliza shaka.

Makabidhiano yenyewe hayazidi dakika moja. Mgonjwa akiwa anapumua na mapigo yapo, wapokeaji husimama na kusikiliza kabla ya kumhamisha kitandani, wakati mhudumu mmoja anasoma kwa mpangilio: umri, saa ya ajali, namna ilivyotokea, majeraha, vipimo, tiba. Mpokeaji hurudia kwa sauti saa ya ajali na dawa zilizotolewa, kisha wote wawili husaini na kuandika saa ya kupokea. Mgonjwa aliyeacha kupumua hangojewi. Huhudumiwa, na maelezo hutolewa mikono ikiwa kazini.

Nakala moja hubaki kwenye jalada. Kijana akihitaji upasuaji usiowezekana Mbinga na akapelekwa Songea, karatasi hiyo hiyo iende naye pamoja na saa aliyopewa dawa. Atakapofika huko zile saa tatu zitakuwa zimepita, na mpokeaji wa pili hatakuwa na shahidi wa kumuuliza. Atakachokuwa nacho mkononi ni 14:20, saa ya ajali, na 16:40, saa ambayo gramu ya kwanza ilianza kuingia mshipani.