Kuhifadhi Suratul Mulk kidogo kidogo

Mzazi mmoja wa visiwani, aliyehamia Kyela kwa biashara ya mchele, ametuuliza kuhusu mwanawe wa miaka 10. Mtoto alihifadhi Suratul Mulk kwa siku 3, na miezi miwili baadaye anakwama kila afikapo aya ya 16. Wanapokaa, chuo kiko mbali. Je, aanze upya?

Aanze upya, ila kwa mafungu. Abu Abdirrahman As-Sulami amepokea kwa waliomsomesha kwamba Masahaba walikuwa wakichukua aya 10, na hawazivuki mpaka wazifahamu na kuzitenda. Kwa mtoto, sura hii yenye aya 30 tunaigawa aya 3 kwa siku, Jumamosi hadi Jumatano. Kwa hiyo ni wiki mbili.

Baada ya Alfajiri asome kila aya mara 10 akitazama msahafu, kisha mara 10 kwa moyo. Baada ya Magharibi asome fungu la jana na la leo kwa pamoja, bila kusimama yanapokutana. Hapo kwenye kiungo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu kila fungu limehifadhiwa peke yake. Alkhamisi asichukue jipya, bali arudie ya wiki nzima. Ijumaa baada ya Alasiri asome kwa moyo tangu mwanzo wa sura, na mzazi ashike msahafu.

Mzazi asiwahi kumtajia. Amwache ajaribu, kisha aandike kwenye daftari namba ya aya aliyokwama. Akitajiwa zaidi ya mara 3, Jumamosi asiongeze aya mpya.

Kijana huyu hakukwama kwenye aya ya 16 kwa bahati mbaya. Aya ya 16 na ya 17 zinakaribiana sana mwanzo wake: moja inataja ardhi kudidimia, nyingine inataja upepo wa mawe. Afundishwe maana, akumbuke kwamba ardhi hutangulia, upepo hufuata. Vilevile aya ya 28 na ya 30 huanza kwa maneno yaleyale, na mtoto huruka ya 29 akamaliza sura mapema. Mzazi asiyefuatilia kwa msahafu hatagundua, maana usomaji unateleza vizuri kabisa!

Masika ya Kyela ni makali, na kazi za mpunga zinachosha. Siku hizo fungu jipya lipungue liwe aya 1, au lisiwepo. Marudio ya jioni yasiachwe, kwani Mtume (s.a.w.) amefananisha kilichohifadhiwa na ngamia waliofungwa, wakiachiwa huondoka. Kusoma kwa moyo hakuhitaji udhu, kwa hiyo anaweza kurudia njiani akienda shambani. Udhu ni wa kushika msahafu, kwa kauli ya wanavyuoni wengi.

Wiki mbili zikimalizika, sura nzima ibaki kwenye kisomo cha kila Ijumaa, hata akiwa ameshaanza sura nyingine.

Wallahu aalam.