Kadi ya Njano Mpakani, Vidonge vya Malaria Mfukoni

Wiki chache kabla ya safari, wakala huwaandikia wateja wake ujumbe wa maandalizi. Humo huwa na saa za ndege, uzito wa mizigo, viza, na kisha mstari mmoja kuhusu afya: "Tafadhali hakikisheni mmepata chanjo zote pamoja na dawa za malaria." Ukiusoma haraka hauna ubaya. Lakini umefunga katika fungu moja mambo mawili yasiyofanana, na mteja anayeusoma hubaki na picha isiyo sahihi.

Homa ya manjano ina chanjo, ina kadi, na ina ofisa afya anayeikagua kadi hiyo mpakani au uwanja wa ndege. Malaria haina kadi. Chanjo zake mbili zilizoanza kutumika Afrika, RTS,S na R21, zimekusudiwa watoto wadogo wanaoishi kwenye maeneo yenye ugonjwa, wala hazitolewi kwa wasafiri. Hakuna mpaka ambapo utaulizwa kama umemeza kidonge chako leo. Basi mteja akishachomwa sindano na kukabidhiwa kadi ya njano, moyo wake hutulia, akadhani habari ya mbu imekwisha. Kumbe sindano ile haigusi malaria hata kidogo, na malaria ndiyo inayowapata wasafiri wengi zaidi.

Tuchukue familia ya mfano iishiyo Birmingham, Uingereza: baba, mama, mtoto wao wa miaka 4 aliyezaliwa hukohuko, na bibi wa miaka 67, mzaliwa wa Tanga, aliyehamia Ulaya zamani. Wamepata tiketi nafuu ya kufika Nairobi tarehe 5 Julai. Watakaa kwa ndugu siku nne, kisha tarehe 9 wapande basi la Arusha kupitia Namanga, na mwishowe washuke Tanga hadi tarehe 1 Agosti, siku watakayoanza safari ya kurudi.

Jambo la kwanza ambalo wakala anapaswa kuliangalia ni njia. Lau familia hii ingetoka Ulaya moja kwa moja hadi Kilimanjaro, isingedaiwa kadi ya njano. Tanzania huidai kwa msafiri anayetoka nchi yenye hatari ya maambukizi ya homa ya manjano, au aliyepita katika nchi hiyo na kukaa uwanjani zaidi ya saa 12. Kenya imo kwenye orodha ya nchi hizo, na Ethiopia pia. Anayebadilisha ndege Addis Ababa kwa saa 3 hana shida. Ndege ikichelewa akalala huko, hesabu imebadilika. Kwa hiyo ujumbe wa wakala unaosema tu "kadi inahitajika Tanzania" au "haihitajiki Tanzania" haujamsaidia mteja. Swali ni: kwa njia ipi, na kwa kukaa wapi muda gani?

Hapa wateja wengi huuliza, na wana haki ya kuuliza, mbona wadaiwe kadi ilhali Nairobi yenyewe haina homa ya manjano ya kutisha? Ni kweli kwamba kwa anayeishia Nairobi tu, wataalamu kwa kawaida hawapendekezi chanjo hiyo kwa ajili ya afya yake. Ila kadi ya mpakani inailinda zaidi nchi anayoingia. Tanzania ina mbu aina ya Aedesi wawezao kuueneza ugonjwa huo, na ina hali ya hewa inayowafaa. Inachotaka ni virusi visiingie ndani ya damu ya msafiri. Wakala akilieleza hili kwa sentensi mbili, mteja huacha kuiona kadi kuwa usumbufu wa makaratasi, na pia huacha kuiona kuwa kinga ya kila kitu.

Jambo la pili ni tarehe. Kadi huanza kuwa halali siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa sababu mwili unahitaji muda huo kujenga kinga. Tuseme ujumbe wa wakala umefika mwishoni mwa Juni, na wazazi wakapata nafasi kliniki tarehe 1 Julai. Kadi zao zitakuwa halali kuanzia tarehe 11. Basi lao linafika Namanga tarehe 9. Wamechanjwa kweli, wana kadi kweli, na bado ofisa ana haki ya kuwazuia: kwa kanuni za kimataifa za afya, anaweza kuwaweka chini ya uangalizi mpaka kadi ianze kuwa halali, au mpaka zitimie siku 6 tangu walipotoka kwenye eneo la hatari. Ujumbe huohuo ungetumwa wiki sita kabla, yaani katikati ya Mei, pasingekuwa na tatizo. Tena Uingereza chanjo hii hutolewa kwenye vituo vilivyoidhinishwa tu, na si kila kituo kina nafasi kesho.

Mtoto wa miaka 4 anahitaji kadi yake mwenyewe. Haandikwi ndani ya kadi ya mama. Kila kadi isomwe palepale kliniki kabla ya kutoka mlangoni. Jina liwe lile la pasipoti, tarehe iandikwe mwezi kwa herufi, pawe na aina ya chanjo, mtengenezaji na namba ya toleo, saini ya mhudumu na muhuri wa kituo. Penye kufutwa au kukwaruzwa, kadi nzima inaweza kukataliwa. Ni dakika mbili za kusoma, na ndizo ninazosikitika kuona zinaachwa, kwa sababu kosa la herufi moja hurekebishwa kliniki kwa urahisi, mpakani hapana.

Bibi ndiye mwenye habari nzito zaidi. Chanjo ya homa ya manjano ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Kwa mtu aliyevuka miaka 60 anayechanjwa kwa mara ya kwanza, madhara makubwa ni nadra, lakini ni ya kawaida zaidi kuliko kwa kijana. Mwenye kinga dhaifu, mwenye mzio mkali wa mayai na mjamzito nao hawakimbilii sindano. Huzungumza kwanza na daktari, ambaye anaweza kuwaandikia barua rasmi ya kuwasamehe chanjo kwa sababu za kiafya. Kumwambia bibi "nenda ukachanjwe" bila kumuuliza chochote ni kumweka hatarini kwa ajili ya karatasi.

Bahati njema, bibi huyu wa mfano wetu alichanjwa mwaka 1994, na kadi ipo kwenye bahasha yake ya vyeti. Imeandikwa kwamba inakwisha 2004. Familia ingeweza kuitupa. Lakini tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi ya homa ya manjano inahesabiwa kuwa halali maisha yote, na kanuni hiyo inazihusu hata kadi za zamani zilizoandikwa miaka kumi. Hahitaji sindano nyingine. Kilichobaki ni kwamba kadi ina jina lake la usichana, na pasipoti ina jina la ndoa. Basi abebe cheti cha ndoa pamoja nayo. Haya yote yangejulikana mapema kama ujumbe wa wakala ungeuliza swali moja: "Je, kuna yeyote aliyewahi kuchanjwa homa ya manjano? Tafuteni kadi hata kama imepita tarehe."

Sasa malaria, ambayo haikaguliwi na mtu. Bibi huyuhuyu atasema amezaliwa Tanga, ameumwa na mbu tangu utotoni, damu yake imezoea. Ilizoea kweli, lakini mazoea hayo hudumu kwa kuumwa mara kwa mara. Akikaa miaka mingi mbali, kinga hufifia, na mjukuu aliyezaliwa Birmingham hakuwahi kuwa nayo. Ndiyo maana miongoni mwa wagonjwa wa malaria Uingereza, wengi ni watu waliokwenda Afrika kusalimia ndugu. Watalii wa hotelini ni wachache kuliko wao. Ujumbe wa wakala kwa wana wa nyumbani unapaswa kulisema hili waziwazi tena kwa heshima, kwa sababu wao ndio wanaoruka aya ya malaria wakidhani imeandikiwa wageni.

Wakala asitaje mtu ameze dawa gani. Hiyo ni kazi ya daktari au mfamasia. Kazi ya wakala ni kumpa mteja ratiba kamili ya kuonyesha: Nairobi, mji wa juu ambako malaria ni nadra sana, mpaka tarehe 9, kisha Arusha, kisha Tanga, pwani, mpaka tarehe 1 Agosti. Kwa ratiba hiyo daktari huweza kuhesabu. Akiamua atovakoni-proguanili, dawa hii huanzwa siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo la malaria, humezwa kila siku, na huendelea siku 7 baada ya kutoka. Kuanzia tarehe 8 Julai hadi 8 Agosti ni vidonge 32 kwa mtu mzima; mtoto hupimiwa kwa uzito. Akiamua doksisaiklini, ambayo watoto wadogo na wajawazito hawapewi, itabidi kuimeza wiki 4 baada ya kutoka, hadi tarehe 29 Agosti. Tofauti hiyo ina sababu. Vimelea hukaa kwanza kwenye ini, siku saba au zaidi, ndipo vitoke kuingia kwenye damu. Dawa ya kwanza huviua hata vikiwa kwenye ini. Ya pili huvisubiri kwenye damu. Anayeacha vidonge siku ya kutua Birmingham ameacha wakati vimelea vinakaribia kutoka.

Dawa mseto zinazouzwa kwenye maduka ya dawa ni za kutibu aliyepimwa akakutwa na malaria, wala hazimezwi kwa kujikinga. Na vidonge haviondoi haja ya chandarua chenye dawa, nguo za mikono mirefu jua likizama, na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye DEET, kwa sababu mbu wa Anofelesi huuma kuanzia magharibi hadi alfajiri, na hakuna kidonge kinachokinga kikamilifu.

Ningependa wakala aandike pia ujumbe wa pili, atakaoutuma wiki moja baada ya wateja kurudi:

"Ndugu wateja, karibuni tena nyumbani. Endeleeni na vidonge mpaka tarehe mliyopewa na daktari. Yeyote akipata homa, kutetemeka au maumivu ya mwili ndani ya miezi 12 ijayo, aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama hakukosa kidonge. Mwambieni daktari mlikuwa Kenya na Tanzania hadi tarehe 1 Agosti, na ombeni kipimo cha malaria."

Sentensi ya mwisho ina uzito kwa sababu homa ya malaria hufanana na mafua makali, na daktari wa Ulaya asiyejua mgonjwa wake alitoka wapi anaweza kumrudisha nyumbani na vidonge vya maumivu. Malaria kali iletwayo na vimelea vya falsiparamu, vilivyotapakaa Afrika Mashariki, mara nyingi hujitokeza ndani ya miezi mitatu, na inaweza kumzidia mtoto wa miaka 4 ndani ya siku moja au mbili.