Jumla Isiyovurugwa na Mkono wa Mwenzako

Chukua bajeti ya semina inayojazwa na watu wanne katika faili moja la Excel. Safu B ina kifungu cha matumizi, safu C ina kiasi. Pembeni, E2 hadi E6 zimeandikwa vifungu vitano, na F2 hadi F6 hujumlisha kila kimoja. Fomula ya F2 ni hii:

```
=SUMIF(B$2:B$200,E2,C$2:C$200)
```

Mmoja anaandika "Usafiri" 120,000. Mwenzake, kwa nia njema kabisa, anaandika "Nauli" 85,000. Excel hailalamiki. Usafiri unabaki 120,000 badala ya 205,000, na mkuu wa mradi anaidhinisha safari nyingine akidhani fedha ipo. Kasoro ya namna hii huonekana kwa seli moja ya ukaguzi:

```
=SUM(C2:C200)-SUM(F2:F6)
```

Jibu lisipokuwa 0, kuna kifungu kilichopotea.

Hata hivyo, kosa moja huipita seli hiyo, nalo ni la kawaida mno katika ofisi zetu: kuandika 85,000/= kama kwenye risiti. Kwa Excel hayo ni maandishi, si namba, hivyo SUM na SUMIF zote huyaruka na tofauti inabaki 0. Dalili yake ni ndogo: kiasi hicho hukaa kushoto mwa seli, ilhali namba hukaa kulia.

Kinga huanzia kwenye safu za kujaza. Mhasibu huchagua B2:B200, hufungua Data kisha Data Validation, huchagua List, na katika Source huandika =$E$2:$E$6. Tangu hapo kila seli ina orodha ya kuchagua, na "Nauli" inakataliwa. Kwa C2:C200 huchagua Whole number, kuanzia 0; 85,000/= nayo inagonga mwamba.

Kisha zinakuja fomula. Hapa wengi hukwama, kwa sababu kila seli ya Excel tayari imewekewa alama ya Locked, ila alama hiyo hailindi chochote mpaka shiti ifungwe. Kwa hiyo kwanza huachiliwa zile za kujaza: chagua B2:C200, bonyeza Ctrl+1, nenda Protection, ondoa alama ya Locked. Ndipo Review, Protect Sheet. Anayejaribu kuandika juu ya F2 sasa anazuiwa.

Upenyo unaobaki ni kunakili na kubandika. Seli iliyotoka faili jingine la Excel huja na masharti yake na kuifuta orodha iliyokuwapo. Kubandika kwa Paste Values huiacha orodha mahali pake, lakini thamani yenyewe haikaguliwi. Ndiyo maana ile seli ya tofauti inastahili kukaa juu ya shiti, mahali ambapo kila anayejaza ataiona.