Jibu la hodi ni kiti

Mtu aliyeitikiwa “karibu” bado hajawa mgeni. Ameruhusiwa kuvuka kizingiti, basi. Kinachomfanya mgeni ni yale yanayofuata: kiti kinachopanguswa vumbi kwa ncha ya kanga, mkeka unaotandikwa, maji yanayoletwa kabla hajaulizwa amekuja kwa shida gani. Tunapozungumzia adabu ya ugeni tunaishia mara nyingi kwenye maneno yale mawili ya mlangoni, na tunalalamika kwamba vijana hawapigi hodi. Lalamiko hilo lina ukweli, lakini naona limeshika upande mdogo wa jambo. Hodi ni ombi la kweli, linaloweza kukataliwa, na jibu lake kamili halitolewi kwa mdomo. Tukilisahau hili tunapoteza vitu viwili pamoja: haki ya mwenyeji kusema hapana, na uhakika wa mgeni kwamba amekubaliwa.

Tuanze na ombi lenyewe, mahali linapofanya kazi kila siku. Chukua ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, kama zile zilizojaa Kariakoo na Magomeni kabla ya maghorofa. Ina mlango mkubwa wa mbele, ukumbi mrefu unaokatiza katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma penye jiko, choo na kamba ya kuanikia nguo. Mchana mlango mkubwa haufungwi, na milango ya vyumba ina mapazia tu. Mtoto wa jirani anatumwa saa nane mchana kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Mlango uko wazi, hakuna cha kugonga, na kutoka pale aliposimama anaweza kuona hadi uani. Hata hivyo hapiti. Anasimama pembeni ya mlango, anaita hodi, ananyamaza. Sauti inauliza, “Nani?” Anataja jina lake na nyumba anakotoka. Panapita kimya kifupi ambacho mgeni asiyejua angedhani ni uzito wa kujibu, kumbe ndani mtu anajifunga kanga vizuri, mwingine aliyekuwa amejinyoosha ukumbini anakaa kitako. Ndipo inakuja “karibu.” Akifika kwenye chumba cha anayemtafuta, anapiga hodi ya pili mbele ya pazia, maana ruhusa ya nyumba si ruhusa ya chumba. Kwa hiyo mlango ulio wazi haujamruhusu mtu yeyote, na kugonga kusingetosha hata kama mlango ungekuwa umefungwa. Kinachohitajika ni sauti, kwa sababu sauti inaeleza kama aliyekuja ni mwanamume au mwanamke, mkubwa au mdogo, jirani au mgeni wa mbali, na walio ndani wanajiweka sawa kufuatana na hayo.

Kwa Waislamu wa pwani utaratibu huu una msingi ulioandikwa. Sura ya An-Nur inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na inasema wazi kwamba mtu akiambiwa arudi, arudi. Sura hiyohiyo inataja nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani wanatakiwa kubisha: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopumzika, na baada ya isha. Hadithi zinaongeza mpaka wa mara tatu. Abu Musa al-Ash’ari aliomba ruhusa kwa khalifa Umar mara tatu, hakujibiwa, akaondoka, na Umar alipomtaka alete shahidi wa mafundisho hayo, alipatikana. Jabir bin Abdillahi naye alibisha kwa Mtume, akaulizwa nani, akajibu “mimi,” na Mtume hakulipenda jibu hilo, maana halimtambulishi mtu. Ndiyo sababu mtoto wetu wa mbuzi ya nazi ametaja jina na nyumba. Lakini itakuwa makosa kudhani desturi hii ni ya dini moja. Wakristo wa Morogoro au Tabora wanapiga hodi vilevile, na hata Malawi, katika Kichewa, mtu husimama nje akaita “odi” na kuitikiwa “odini.” Kinachofanana kote ni kwamba anayeita anakubali kungoja, na akikosa jibu anageuka bila kinyongo. Asiyekuwa tayari kugeuka hajaomba ruhusa. Ametangaza tu kwamba anaingia.

Sasa tazama nyumba za mawe za Lamu, kwa sababu wajenzi wake waliandika kwa chokaa na matumbawe jambo ambalo maneno hayalisemi. Nje, kandokando ya mlango, pana baraza ya kukalia. Unaingia dakani, kisha tekani, na njia inapinda, hivi kwamba aliyesimama mlangoni hata ukifunguliwa wote haoni kiwanda, yaani ua wa ndani. Baada ya kiwanda ndipo zinaanza sehemu za watu wa nyumba, zikizidi kuwa za siri kadiri unavyoingia ndani. Nyumba nyingi zilikuwa pia na sabule, chumba cha mgeni kilichojitenga, ili anayelala asipite katikati ya familia. Mwenyeji wa nyumba kama hii hahitaji kumwambia mtu yeyote amekubaliwa kiasi gani. Mchuuzi anamalizana naye dakani. Mtu wa mazungumzo anakaa barazani, na hiyo si dharau, kwani baraza ni mahali pa heshima na kahawa hufika palepale. Ndugu anapita hadi ndani. Wote watatu wameitikiwa karibu ileile, pengine kwa sauti ileile, lakini kila mmoja amepata jibu lake kutokana na mahali alipokalishwa. Nyumba ya vyumba viwili ya leo haina daka wala tekani, na bado tunafanya vilevile: kuna anayevutiwa kigoda nje chini ya kivuli, kuna anayewekwa sebuleni, na kuna anayeambiwa apite tu jikoni. Mgeni mwenye adabu haendi mwenyewe kutafuta pa kukaa. Anasubiri kuoneshwa, kwa sababu hapo ndipo hodi yake inapojibiwa.

Baada ya kiti ni maji, na hapa kuna jambo ambalo wenyeji wengi wa mjini wanalikosea kwa nia njema. Wanauliza: “Utakunywa nini? Nikuletee chai?” Mgeni aliyelelewa vizuri hana jibu ila “usijisumbue.” Amejifunza hivyo tangu utotoni, hata akiwa ametembea juani kutoka kituo cha daladala. Kumuuliza ni kumpa nafasi ya kukataa kitu anachokihitaji, na mara nyingi ataondoka na kiu yake. Mwenyeji anayeijua kazi haulizi kuhusu maji. Anayaleta, glasi juu ya kisahani, anayaweka karibu na mgeni, kisha ndipo salamu zinaendelea: shikamoo na marahaba, habari za nyumbani, za watoto, za safari. Shida iliyomleta mtu haiguswi mpaka hapo. Ukimwona mwenyeji anasema karibu huku amesimama mlangoni na kuongeza “nikusaidie nini?”, elewa kwamba umejibiwa, na jibu ni la dakani.

Chakula kina kipimo chake. Mtu akiwakuta wenzake wanakula ataambiwa “karibu,” au pwani “bismillahi,” na wapo wanaosema mwaliko huu ni unafiki, kwamba mwenye sahani moja ya ugali anamkaribisha mtu huku akiomba moyoni asikubali. Pingamizi hili ni zito na linastahili kujibiwa. Ni kweli kwamba maneno yale hutamkwa kwa kila apitaye, na kwa mpita njia jibu lake linalojulikana ni “ahsante, starehe,” likimaanisha msinyanyuke, endeleeni. Hakuna anayedanganywa, kwa sababu pande zote mbili zinajua kwamba maneno matupu hayajamwita mtu kwenye sahani. Mwaliko wa dhati unaonekana mwilini. Walioketi wanasogea kupisha nafasi mkekani, mtoto anainuka kuleta maji ya kunawa, na mgeni anamiminiwa mikononi juu ya beseni kabla hajamaliza kukataa. Akisema ameshiba ataambiwa aonje, naye akikata tonge moja ametimiza wajibu wake na hakuna atakayemlazimisha zaidi.

Pingamizi la pili ni la gharama, na hili naliona ndilo linaloua ugeni mijini kuliko ukosefu wa hodi. Imekuwa kama kwamba mgeni asipowekewa soda ya baridi na vitafunwa, mwenyeji ameaibika. Mtoto anatumwa dukani mbio, mgeni anaachwa amekaa peke yake akitazama ukuta, na mama wa nyumba ametumia fedha ya mboga ya jioni. Wageni watatu wa namna hiyo kwa wiki wanatosha kumfanya mtu anyamaze ndani akisikia hodi. Lakini kosa hapa si la desturi. Kiti na maji havimfilisi mtu, na ndivyo vinavyotangulia katika utaratibu wote nilioueleza. Soda imekuja baadaye, ikajipachika mahali pasipo pake. Mwenye uwezo na atoe anachotaka, ila asiwafanye majirani zake waone kwamba bila friji hawawezi kupokea watu.

Wapo pia wanaosema simu imemaliza kazi ya hodi, kwamba anayepiga kuuliza “upo nyumbani?” keshaomba ruhusa. Nakubaliana nao nusu. Simu inampa mwenyeji nafasi pana ya kusema “leo sipo vizuri, njoo kesho,” nafasi ambayo wengi hawathubutu kuitumia mtu akiwa kizingitini, na kwa nyumba zenye mgonjwa au mzazi aliyejifungua juzi hilo ni jambo jema. Lakini aliyeongea na simu ni mmoja, na nyumba ina watu. Baba amesema njoo, mama hajui, binti yuko uani anaosha nywele. Anayefika na kupita moja kwa moja kwa sababu “nimeshaongea na mwenyewe” amepata ruhusa ya mtu mmoja na kuvunja sitara ya wengine wawili. Kengele ya getini nayo inaonesha kwamba yupo mtu, haielezi ni nani. Hodi ya sauti bado inahitajika hata baada ya simu na hata baada ya geti.

Ombi langu basi ni kwa pande zote mbili. Unayebisha, simama pembeni ya mlango, taja jina lako, na baada ya mara tatu bila jibu ondoka bila kumnunia mtu. Wewe uliye ndani, kama leo huwezi kupokea watu, sema hivyo kwa upole kuliko kujificha chumbani. Na ukishasema karibu, mpe mtu kiti na maji kabla ya kumuuliza lolote.