Vibarua 20 Wanapowashinda 60

Tuchukue kampuni yenye wafanyakazi 1,200. Mwisho wa mwezi ofisa wa mishahara anabonyeza kitufe kimoja ili salari slipu za wote zitengenezwe. Kitufe hicho hakitengenezi slipu hata moja. Kazi yake ni kuandika maombi 1,200 kwenye foleni, basi. Nyuma ya foleni hiyo zipo programu ndogo ambazo hapa nitaziita vibarua: kila kibarua huchukua ombi moja, husoma takwimu za mshahara kwenye kanzidata, hutengeneza faili la PDF, hulituma kwa mwenyewe, kisha hurudi kwenye foleni kuchukua jingine.

Siku za kawaida vibarua wawili wanatosha. Siku ya mshahara hawatoshi, na kuwaweka wengi mwezi mzima ni kulipia seva zinazokaa bure. Ndiyo maana watu wa mitambo huikabidhi kazi ya kuongeza na kupunguza vibarua kwa programu nyingine. Kwa wanaotumia Kubernetes, inayotumika sana ni KEDA, iliyoanzishwa na Microsoft na Red Hat mwaka 2019. Huangalia urefu wa foleni, kwa mfano foleni ya RabbitMQ, na kutokana na urefu huo vibarua huongezwa au hupunguzwa.

Swali la kwanza ni hili: foleni ya maombi 1,200 inahitaji vibarua wangapi? Urefu wa foleni peke yake haujibu. Inabidi kujua mambo mawili, yaani slipu moja inachukua muda gani, na mtu anaweza kusubiri kwa muda gani bila kulalamika. Tuseme slipu moja inachukua sekunde 6, na kampuni inataka zote ziwe tayari ndani ya dakika 2, yaani sekunde 120. Kibarua mmoja katika muda huo anamaliza slipu 20. Kwa hiyo kila maombi 20 yanadai kibarua mmoja, na maombi 1,200 yanadai vibarua 60.

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini ukiifuata ilivyo utaangusha mfumo mzima, maana imesahau kinachowasubiri vibarua upande wa pili. Kanzidata ya PostgreSQL, isipobadilishwa mipangilio yake, inakubali miunganisho 100 tu kwa wakati mmoja, na 3 kati ya hiyo imetengwa kwa msimamizi mkuu. Inabaki 97. Tuseme tovuti ya kampuni inatumia 30, na kazi za kuhifadhi nakala na ripoti zinatumia 7. Vibarua wamebakiziwa 60, na kila kibarua wetu hushika miunganisho 2. Nafasi iliyopo ni ya vibarua 30, si 60.

Wakiitwa 60, wale waliochelewa watakuta mlango umefungwa, na kwenye kumbukumbu za mfumo patatokea mistari inayoanza hivi:

```
FATAL: remaining connection slots are reserved for
```

Kuanzia hapo kosa hujilisha lenyewe. Kibarua aliyekosa muunganisho anashindwa kutengeneza slipu, kwa hiyo ombi linarudishwa kwenye foleni. Foleni haipungui. KEDA haijui habari za kanzidata. Inachoona ni foleni ndefu, basi inaendelea kudai vibarua wote 60, nao wanaendelea kugombania mlango uleule. Tovuti nayo inaanza kukosa miunganisho, na mtu ambaye hana habari na mishahara anashindwa hata kuingia kwenye akaunti yake.

Dalili yake si ngumu kuiona, ila watu wengi hutazama mchoro usiohusika. Wanatazama urefu wa foleni na matumizi ya kichakato. Mimi ningeweka michoro miwili pamoja: idadi ya vibarua, na idadi ya kazi zinazokamilika kwa dakika. Vibarua wakipanda huku kazi zinazokamilika zimelala palepale au zinashuka, tatizo si uchache wa vibarua. Kuna kitu nyuma yao kimejaa, na kila kibarua mpya anazidi kukibana.

Kwa hiyo dari huwekwa kwa kuangalia sehemu iliyo nyembamba kuliko zote, na kwetu ni kanzidata. Je, iwe 30? Hapana, na hapa hata wenye uzoefu huteleza. Ukibadilisha toleo la programu ya vibarua, Kubernetes kwa kawaida huwaleta wapya kabla ya kuwaondoa wote wa zamani, na huruhusu ziada ya asilimia 25. Vibarua 30 wanaweza kuwa 38 kwa muda, na miunganisho ikawa 76. Tena walioambiwa waondoke bado wanashika miunganisho yao mpaka watoke kabisa. Ningeweka 20. Pamoja na ziada wanakuwa 25, wanatumia miunganisho 50, na 10 inabaki kwa ajili ya wanaoaga.

```yaml
minReplicaCount: 2
maxReplicaCount: 20
triggers:
- type: rabbitmq
  metadata:
    queueName: salari-slipu
    mode: QueueLength
    value: "20"
```

Mstari wa `maxReplicaCount` usiachwe bila kuandikwa, kwa sababu KEDA yenyewe itachukua 100. Kwa dari ya 20, slipu zote zitakamilika ndani ya dakika 6 hivi badala ya 2. Ofisa wa mishahara aambiwe hivyo waziwazi. Akisema dakika 6 ni nyingi, dawa ni kumfanya kibarua atumie muunganisho mmoja, au auachie anapotengeneza PDF, maana wakati huo haihitaji kanzidata. Kupandisha dari tu hakumsaidii.

Kupunguza vibarua kuna hatari yake, tena ya kimyakimya. RabbitMQ hutenganisha maombi yanayosubiri na yale ambayo kibarua ameshayachukua bila kuthibitisha kuwa ameyamaliza. Kwenye ukurasa wake utayaona kama `Ready` na `Unacked`. KEDA ikiunganishwa kwa itifaki ya AMQP huhesabu yanayosubiri tu. Sasa, kibarua akiruhusiwa kubeba maombi 60 kwa mpigo, vibarua 20 wanaweza kuibeba foleni nzima: yanayosubiri yanasomeka sifuri, na kazi haijafanyika hata nusu. Agizo la kupunguza linatolewa wakati kila mmoja bado amejaa mikono. Kwa kazi za sekunde kadhaa kama hizi, kibarua abebe ombi moja tu kwa wakati mmoja.

Kubernetes kwa kawaida husubiri dakika 5 kabla ya kukubali kwamba foleni imepungua kweli. Kisha kibarua hupewa ishara ya kuondoka, `SIGTERM`, na sekunde 30 za kumalizia. Zikiisha hukatwa papo hapo. Slipu ya sekunde 6 inaingia humo vizuri, mradi programu imeandikwa isikilize ishara hiyo: iache kuchukua ombi jipya, imalize lililopo, ithibitishe, itoke. Kazi ya dakika 10, kama kubadilisha video, haiingii, na muda huo lazima uongezwe.

Hata hivyo seva inaweza kuzimika ghafla, na kibarua aliyekwisha kutuma slipu akakatwa kabla ya kuthibitisha. Ombi litarudi kwenye foleni na mwingine atalichukua. Slipu mbili kwa mtu mmoja ni usumbufu mdogo. Foleni ikiwa ya malipo yenyewe, huo ni mshahara uliolipwa mara mbili. Kwa hiyo kila malipo hupewa namba yake ya kudumu, yenye utambulisho wa mfanyakazi na mwezi, na namba hiyo hutumwa pamoja na agizo ili upande wa benki ukatae kuilipa mara ya pili.